Kiu ya Dodoma na Mishale Inayorudi Ilikotoka

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa iliyofuata, ya mwaka 2022, ilikuta watu 765,179. Kati ya sensa hizo mbili kuna jambo ambalo kila Mtanzania analikumbuka: Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yake itahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umepitishwa tangu mwaka 1973 lakini ukatekelezwa kwa kusuasua. Wizara zikafungasha, watumishi wakafuata, viwanja vikapimwa, na Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba.

Watu hao wote walifikia kwenye nchi kame. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa miongo mingi maji mengi ya mji yamekuwa yakitoka kwenye visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 mahitaji ya mji yalikadiriwa kupita lita milioni 100 kwa siku, wakati uzalishaji ulikuwa kati ya lita milioni 60 na 70.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama mstari mnyoofu: watu wameongezeka, maji hayatoshi, kwa hiyo vichimbwe visima vingine au litafutwe bwawa. Msimulizi anaishia hapo, lakini mji hauishii hapo. Maji yakishaongezwa, viwanja ambavyo jana havikuwa na mteja hupanda bei, nyumba za kupangisha huota, vyuo hudahili zaidi, na wakazi wapya nao hufungua bomba. Mstari umejipinda ukarudi ulikoanzia. Wapangaji wa maji wana chombo cha kuchora mpindo huo, nacho ni mchoro wa mizunguko ya visababishi. Ni karatasi yenye maneno machache yaliyounganishwa kwa mishale. Ugumu wake mkubwa hauko kwenye kuchora, uko kwenye kutambua kila mzunguko ni wa aina gani: wa kuchochea, au wa kusawazisha.

Mshale na alama yake

Fani iliyozaa michoro hii ilianzishwa na Jay Forrester, mhandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Alianza na matatizo ya viwanda, na mwaka 1969 akachapisha kitabu juu ya namna miji inavyokua na kudorora. Wazo lake la msingi lilikuwa kwamba mengi yanayoupata mji hutokana na mji wenyewe, kwa sababu tokeo la leo hugeuka kuwa sababu ya kesho.

Kwenye mchoro huandikwa vitu vinavyoweza kupanda na kushuka. “Wakazi” ni neno zuri, kwa sababu wakazi huweza kuwa wengi au wachache. “Ongezeko la wakazi” ni neno baya, kwa sababu tayari limeshachagua upande, na msomaji akitaka kujua nini hutokea wakazi wakipungua atalazimika kusema “ongezeko likipungua”, na hapo kila mtu atapotea. Vivyo hivyo huandikwa “presha ya bomba”, wala si “presha ndogo”.

Kisha kila mshale hupewa alama. Alama ya + maana yake kitu cha pili hufuata upande uleule wa cha kwanza: wakazi wakiwa wengi, mahitaji ya maji huwa makubwa, wakiwa wachache, huwa madogo. Alama ya − maana yake kitu cha pili huenda kinyume: uzalishaji ukiwa mkubwa, upungufu huwa mdogo, uzalishaji ukishuka, upungufu hupanda. Alama hizi hazisemi kwamba jambo ni zuri au baya, na hazisemi kwamba kitu kinaongezeka au kinapungua leo. Zinasema tu kitu kimoja humfuata mwenzake upande gani.

Mzunguko wa kwanza: mji unajaribu kujaza pengo

Chukua vitu vitatu vya Dodoma: upungufu wa maji, miradi ya vyanzo vipya, na uzalishaji. Upungufu ukiwa mkubwa, malalamiko hufika bungeni na fedha za miradi hutafutwa. Miradi ikiwa mingi, uzalishaji hupanda. Uzalishaji ukipanda, upungufu hushuka. Kwa maandishi ya mchoro:

upungufu →(+) miradi →(+) uzalishaji →(−) upungufu

Sasa mtu atembee na mzunguko huo kwa kidole. Aanze kwa kusema upungufu umepanda. Miradi inapanda, uzalishaji unapanda, na kidole kinaporudi kwenye upungufu, unashuka. Alianza na kupanda akarudi na kushuka: mzunguko umeyapinga mabadiliko yaliyouanzisha. Huo ni mzunguko wa kusawazisha. Siku zote huwa na lengo ndani yake, liwe limeandikwa au la, nao huvuta hali kuelekea lengo hilo. Hapa lengo ni upungufu uwe sifuri.

Kuna njia ya mkato. Hesabu mishale yenye alama ya − ndani ya mzunguko. Idadi ikiwa witiri, yaani moja, tatu au tano, mzunguko ni wa kusawazisha. Idadi ikiwa shufwa, yaani sifuri, mbili au nne, ni wa kuchochea. Sababu ni kwamba kila − hugeuza mwendo: ukigeuzwa mara moja unarudi kinyume, ukigeuzwa mara mbili unarudi ulivyoanza. Kwenye michoro ya kimataifa, katikati ya mzunguko wa kuchochea huwekwa herufi R, na katikati ya wa kusawazisha herufi B.

Mzunguko huu wa kwanza ndio ambao viongozi huusema majukwaani, na ni wa kweli. Lakini mtu akiutazama peke yake atategemea kwamba baada ya miradi michache pengo litazibika. Dodoma imepata visima vipya na mabomba mapya, na pengo bado lipo. Kuna sababu mbili, na zote mbili huonekana kwenye mchoro.

Ucheleweshaji: hesabu ya miaka mitano

Sababu ya kwanza ni muda. Mshale unaotoka kwenye miradi kwenda kwenye uzalishaji ni mrefu sana. Panahitajika upembuzi, fedha, zabuni, fidia ya ardhi, ujenzi. Wachoraji huuwekea mshale wa namna hiyo vistari viwili vinavyoukata katikati, kuonyesha kwamba tokeo linachelewa.

Tuchukue tarakimu za mviringo zinazokaribiana na za Dodoma. Mahitaji ni lita milioni 100 kwa siku, uzalishaji ni milioni 65, pengo ni milioni 35. Mji unaamua kujenga chanzo cha kuziba pengo hilo lote, na mradi unachukua miaka mitano. Kati ya sensa hizo mbili wakazi wa Dodoma waliongezeka kwa wastani wa kama asilimia 6 kwa mwaka. Tuseme mahitaji yanakwenda kwa kasi hiyohiyo. Mwaka wa kwanza yanafika milioni 106, wa pili 112, wa tatu 119, wa nne 126, wa tano 134. Mradi unakamilika kama ulivyopangwa, uzalishaji unafika milioni 100. Pengo siku ya uzinduzi ni lita milioni 34.

Hakuna aliyezembea kwenye hesabu hiyo, wala hakuna fedha iliyoliwa. Mzunguko wa kusawazisha ulifanya kazi yake yote, ila ulilenga pengo la miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo mtu asiukatae mzunguko kuwa wa kusawazisha eti kwa sababu pengo halijazibika. Aina ya mzunguko hutokana na alama zake. Kama unafanikiwa au la hutegemea kasi yake ikilinganishwa na kasi ya mizunguko mingine.

Mzunguko wa pili: maji yanayoleta watu

Sababu ya pili ni mzunguko mwingine unaopita kwenye mishale ileile. Ongeza kitu kimoja tu kwenye karatasi: mvuto wa mji, yaani jinsi watu wanavyoona kwamba Dodoma ni mahali pa kujenga, kupanga na kufungua biashara.

uzalishaji →(−) upungufu →(−) mvuto wa mji →(+) wakazi →(+) mahitaji →(+) upungufu →(+) miradi →(+) uzalishaji

Upungufu umetajwa mara mbili hapa, na mchoraji makini atashtuka. Ukweli ni kwamba karatasi hii inabeba mizunguko miwili iliyoshikana, na inafaa kuitenganisha.

Mmoja ni mfupi: upungufu, mvuto, wakazi, mahitaji, kisha upungufu tena. Mna alama ya − moja tu, kati ya upungufu na mvuto. Ni wa kusawazisha. Mji wenye shida ya maji hupoteza mvuto, wahamiaji hupungua, na mahitaji hupungua kasi. Ni kizuizi kichungu, lakini ni kizuizi.

Mwingine ni mwendo mzima kutoka uzalishaji hadi uzalishaji. Mna alama mbili za −. Idadi ni shufwa, kwa hiyo ni wa kuchochea: maji zaidi huvuta watu zaidi, watu huleta mahitaji, na mahitaji huleta miradi ya maji zaidi. Mwaka 2018 Giuliano Di Baldassarre na wenzake walieleza jambo hili katika jarida la kisayansi la Nature Sustainability, wakionyesha kwamba mabwawa makubwa huweza kuikuza kiu ambayo yalijengwa kuitibu, na kwamba mji uliozoea maji mengi huumia zaidi ukame ukija. Mmojawapo wa miji waliyoitaja ni Athens, ambayo imekuwa ikifuata chanzo kimoja baada ya kingine, kila kimoja mbali kuliko kilichotangulia.

Dodoma ina upekee ambao mchoro huudhihirisha vizuri. Mfanyabiashara anayechagua kati ya Dodoma na Morogoro hupima maji, barabara na soko. Mtumishi wa wizara hakupima chochote, alipewa barua ya uhamisho. Kwake mshale wa kutoka mvuto kwenda wakazi haupo. Aliingia mjini kwa mshale mwingine, unaotoka kwenye uamuzi wa serikali, ambao hakuna mshale wowote wa maji unaoufikia. Kwa hiyo kile kizuizi kichungu, ambacho katika mji mwingine kingepunguza kasi ya ukuaji, Dodoma kilidhoofishwa. Watu waliendelea kuja hata pale maji yalipokuwa ya mgao. Ndiyo maana mchoro ulionakiliwa kutoka mji mwingine hauwezi kutumika hapa bila kuuliza kila mshale kama kweli upo.

Simtanki na zamu ya maji

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuuangalia mzunguko wenye alama za − na kuamini kwamba lazima ni wa kusawazisha. Mgao wa maji ni mfano mzuri wa kulipima kosa hilo, na hauhitaji tarakimu za taifa. Unatosha mtaa mmoja ulio mwisho wa bomba, katika mji wowote wenye mgao.

Mtaa hupata maji kwa zamu, tuseme siku mbili kwa wiki. Mwenye uwezo hununua simtanki la lita elfu mbili, akaliweka juu ya mnara wa chuma. Jirani hununua la lita elfu tano. Asiye na uwezo hukusanya madumu, ndoo na mapipa. Siku ya zamu, maji yanapofika saa kumi alfajiri, kila koki hufunguliwa kwa wakati mmoja mpaka mwisho, kwa sababu hakuna anayejua yatakatika saa ngapi. Bomba lililopimwa kwa matumizi ya kawaida sasa linajaza matanki ya mtaa mzima kwa saa chache. Nyumba za juu ya njia hujaza. Nyumba za mwisho, na zile za mlimani, husikia hewa ikilia kwenye koki. Wiki ijayo nao wanafikiria kununua tanki kubwa zaidi, na wengine kufunga pampu ya kuvuta.

ukali wa mgao →(+) matanki ya nyumbani →(+) maji yanayovutwa siku ya zamu →(−) presha mwisho wa bomba →(−) ukali wa mgao

Alama za − ni mbili. Tembea na kidole: mgao umekuwa mkali, matanki yanaongezeka, maji yanayovutwa kwa pamoja yanaongezeka, presha inashuka, na kwa waliopo mwisho wa bomba mgao unakuwa mkali zaidi. Ni mzunguko wa kuchochea, ingawa kila aliyeshiriki alikuwa anajilinda tu.

Kwa mwenye tanki, kuna mzunguko mwingine ulio wa kusawazisha: akiba inapunguza adha ya mgao nyumbani kwake, na adha ikipungua haja ya kununua tanki jingine inapungua. Tanki moja limekaa kwenye mizunguko miwili ya aina tofauti. Nyumba inaona nafuu, mtaa unaona shida inakua, na wote wawili wanasema kweli. Kinachotofautiana ni mzunguko wanaoutazama.

Bei: mshale mmoja, mizunguko miwili

Cape Town ilipitia jaribio kubwa la mizunguko ya bei kati ya mwaka 2015 na 2018. Misimu mitatu mfululizo ya mvua haba ilishusha mabwawa, na jiji likaanza kuhesabu siku za kufunga mabomba. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkazi alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku. Bei ya maji kwa watumiaji wakubwa ilipandishwa sana, pamoja na matangazo na masharti makali. Matumizi ya jiji, yaliyokuwa kama lita bilioni 1.2 kwa siku katika kiangazi cha mwaka 2015, yalishuka hadi karibu nusu bilioni.

Upande wa maji, mzunguko ni huu: upungufu ukipanda, bei hupanda (+), bei ikipanda, matumizi hushuka (−), matumizi yakishuka, upungufu hushuka (+). Alama ya − ni moja. Ni wa kusawazisha, na ulisaidia kuliokoa jiji hadi mvua ziliporudi katikati ya mwaka 2018.

Lakini mshale uleule wa bei kwenda matumizi unapita pia kwenye hazina ya jiji. Matumizi yakishuka, maji yanayouzwa hushuka na mapato hushuka (+). Mapato yakishuka wakati mishahara, mikopo na mabomba vinadai gharama ileile, jiji husukumwa kupandisha bei tena (−). Na bei ikipanda, matumizi hushuka tena (−). Alama za − ni mbili, kwa hiyo ni wa kuchochea. Wakazi waliobana maji kwa utiifu walijikuta wanalipa zaidi kwa kila lita, na wenye fedha walichimba visima vyao, jambo linalopunguza mauzo zaidi. Julai 2018 jiji lilianza kutoza malipo ya kudumu kulingana na ukubwa wa bomba la mteja, ili mapato yasitegemee lita pekee. Kwa lugha ya mchoro, walidhoofisha mshale wa kutoka matumizi kwenda mapato, na hivyo wakaupunguza nguvu mzunguko wa kuchochea bila kuugusa ule wa kusawazisha.

Mzunguko mmoja, pande mbili

Neno kuchochea huwafanya wengi wadhani mzunguko wa aina hii siku zote ni wa kukua, au siku zote ni wa hatari. Upotevu wa maji unaonyesha vinginevyo. Mamlaka ya maji yenye mapato hutengeneza mabomba na kufunga dira kwa kila mteja. Matengenezo hushusha upotevu. Upotevu ukishuka maji yanayouzwa hupanda. Mauzo hurudisha mapato.

mapato →(+) matengenezo →(−) upotevu →(−) maji yanayouzwa →(+) mapato

Alama mbili za −, mzunguko wa kuchochea. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, uliuishi kwa pande zote mbili. Mwaka 1993, baada ya vita, asilimia 72 ya maji ya mji ilikuwa inapotea kwa mivujo, wizi na wateja wasiolipa. Mapato hayakutosha matengenezo, na kukosa matengenezo kulizidi kuua mapato. Mwaka huo Ek Sonn Chan alikabidhiwa uongozi wa mamlaka ya maji. Walihesabu wateja upya, wakafunga dira, wakadai bili hata kwa wakubwa, na wakaunda vikosi vya kutafuta mivujo. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000 upotevu ulikuwa kama asilimia 6, na maji yalitoka saa 24. Mishale haikubadilika hata mmoja, wala alama zake. Uliobadilika ni upande ambao mzunguko ulisukumwa. Mzunguko wa kuchochea huendeleza kile kilichoanza, kiwe kupanda au kuporomoka.

Mahali ambapo alama hudanganya

Turudi Makutupora, kwa sababu huko ndiko mchoro wenyewe hushindwa ukisomwa kwa haraka. Mtu ataandika: uchotaji →(−) akiba ya maji ardhini. Uchotaji ukipanda, akiba hushuka. Hilo ni sawa. Je, uchotaji ukishuka, akiba hupanda? Si lazima. Mji ukipunguza kuchota kutoka lita milioni 60 hadi 50 kwa siku, na mvua haijarudisha kitu, akiba inaendelea kushuka, ila polepole zaidi. George Richardson, mtaalamu wa fani hii, aliitoa kasoro hiyo hadharani katika makala yake ya mwaka 1986. Tiba yake ni kusoma alama kwa ukamilifu: uchotaji ukipungua, akiba itakuwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa. Kila penye kitu kinachojaa na kupunguka, kama akiba ya visima, bwawa au idadi ya watu, usomaji huo ndio salama.

Na kuijaza akiba ya Makutupora ni habari nyingine. Watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, walichapisha mwaka 2013 kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika visima hivyo. Walikuta kwamba maji hushuka taratibu kwa miaka kadhaa, kisha hupanda ghafla baada ya misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida. Mvua ya kawaida huongeza kidogo sana. Msimu wa 1997 hadi 1998, ule wa El Nino, ulileta ujazo mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu hizo.

Kwenye mchoro, mvua kubwa huchorwa pembeni. Mshale unatoka kwake kwenda kwenye akiba, na hakuna mshale unaorudi kwake kutoka mjini. Mizunguko yote ya Dodoma, ya kuchochea na ya kusawazisha, inazunguka ndani ya mipaka inayowekwa na kitu ambacho haikigusi. Hapa pana mtego kwa mpangaji. Kwa miaka kadhaa baada ya msimu mzuri, visima hutoa vizuri, upungufu huonekana wa kawaida, na mzunguko wa ukuaji unaendelea kusukuma. Hakuna ishara ndani ya mizunguko ya mji inayosema kwamba akiba inayoliwa ni ya mvua ya muongo uliopita. Ishara hiyo lazima ichukuliwe kwenye kisima cha uchunguzi na kuchorewa mshale wake kwenda kwenye maamuzi, la sivyo haipo.

Kutoka karatasi hadi vipimo

Mchoro ukishakamilika hausemi ni mzunguko upi wenye nguvu kuliko mwingine leo. Hilo hutafutwa kwenye vipimo, na kila aina ya mzunguko ina mwendo wake. Mzunguko wa kuchochea unapotawala, kipimo hukimbia kikiongeza kasi, kwenda juu au chini. Wa kusawazisha unapotawala, kipimo hupunguza kasi kikikaribia lengo, na kama kuna ucheleweshaji mrefu hupita lengo kisha kurudi, mara juu, mara chini.

Kwa Dodoma, vipimo vitatu vingetosha kuanzia. Cha kwanza ni saa za huduma kwa kila mtaa, si wastani wa mji mzima, kwa sababu wastani huficha mzunguko wa simtanki: mitaa ya juu ya njia inaweza kuwa inapata nafuu huku ya mwisho ikizidi kukauka. Cha pili ni sehemu ya maji yanayozalishwa lakini hayafiki kwenye bili. Ikishuka mwaka hadi mwaka, mzunguko wa matengenezo umeshika upande mzuri, na kila lita iliyookolewa imepatikana bila kusubiri miaka mitano. Cha tatu ni kina cha maji Makutupora katika mwezi uleule wa kila mwaka.

Bwawa la Farkwa, lililopangwa kujengwa wilayani Chemba, litakapoanza kuleta maji mjini, litaingia kwenye mchoro kama mshale mnene wa kuongeza uzalishaji. Litapunguza upungufu mara moja, na mvuto wa mji utapanda. Katika miaka ya kwanza baada ya hapo, kipimo cha kukitazama kwa karibu kitakuwa idadi ya maombi mapya ya kuunganishiwa maji kwa mwezi. Yakiwa yanapungua kadiri waliokuwa wanasubiri wanavyohudumiwa, mzunguko wa kusawazisha unafanya kazi yake. Yakiwa yanaongezeka kila robo mwaka kutoka kwenye viwanja vilivyopimwa baada ya bwawa kuanza, mzunguko wa kuchochea ndio ulioshika usukani, na upembuzi wa chanzo kinachofuata, pamoja na kiwango cha upimaji wa viwanja, utapaswa kuamuliwa kwenye kikao kimoja.